Ng'ombe watatu kwenye simu: tuanze na yupi?

Shikamoo mshauri,

Mimi na mume wangu tunatafuta ng'ombe wetu wa kwanza wa maziwa. Tumepata watatu, wote Frisiani, kutoka mashamba matatu yaliyo mbalimbali, na kila mwenye shamba ametutumia picha kwenye simu. Hatuwezi kwenda kote, kwa hiyo tunataka picha zitusaidie kujua tuanze wapi. Nimekuambatishia zote.

Wa kwanza ni mnene na ngozi inang'aa. Ameshazaa mara tatu, mara ya mwisho ni miezi 10 iliyopita, na mwenyewe anasema ana mimba ya miezi 2. Wa pili amezaa mara ya pili wiki 7 zilizopita. Amekonda, mifupa ya nyonga imetokeza. Wa tatu alizaa mara ya nne miezi 3 iliyopita na kiwele chake ni kikubwa kuliko vya wenzake. Mume wangu anamtaka wa kwanza kwa sababu anaonekana ana afya. Mimi navutwa na kiwele cha wa tatu. Wa pili hakuna anayemtaka. Tuangalie nini hasa?

Mnunuzi wa mara ya kwanza

---

Marahaba, binti yangu.

Nimezikagua picha zote kwa utulivu, na mimi ningeanza safari kwa huyo wa pili. Nitakueleza kwa nini, ili wewe na mume wako mzirudie picha zenyewe mkiwa na macho mengine.

Tuanze na unono. Ng'ombe wa maziwa hupewa alama kutoka 1 hadi 5, ambapo 1 ni mifupa mitupu na 5 ni mafuta yaliyopitiliza. Usiangalie tumbo wala kung'aa kwa ngozi. Angalia nyuma ya mwili, akiwa amesimama ubavu. Kuna mfupa wa nyonga uliochomoza pale juu, na kuna mfupa wa kalio ulio karibu na mkia. Kati ya hiyo miwili, chini kidogo, ndipo paja linapoungana na mwili. Pitisha kidole kwenye kioo cha simu kutoka nyongani, ushuke hadi kwenye kiungo cha paja, kisha upande hadi kwenye kalio. Kama njia hiyo ina kona kali kama herufi V, ng'ombe yuko kwenye 3 au chini yake. Ikiwa imejaa na kupinda taratibu kama U, yuko juu ya 3.

Kwa ng'ombe wako wa kwanza kidole kinateleza tu, hakuna kona. Ukitazama picha yake ya nyuma, yale mashimo mawili yanayopaswa kuonekana kando ya shina la mkia yamejaa, na kano zinazotoka mkiani kwenda makalioni hazionekani kabisa. Hiyo ni 4. Wa pili ana V ya wazi na nyonga zake zina pembe, lakini ukikuza picha utaona ncha za makalio bado zina mto mdogo wa nyama, hazijachongoka. Hapo ni kama 2.5 au zaidi kidogo. Wa tatu yuko karibu na 3.

Sasa weka alama hizo kando ya tarehe za kuzaa, kwa sababu alama bila tarehe haisemi lolote. Ng'ombe akizaa, maziwa hupanda haraka na kufika kilele kati ya wiki ya 6 na ya 8. Hamu ya kula hupanda polepole zaidi, na hufika juu wiki kadhaa baada ya maziwa. Katikati ya hapo anatoa zaidi ya anachoingiza, na pengo analijaza kwa mafuta ya mwili wake. Aliyezaa akiwa kwenye 3 au 3.25 huweza kushuka nusu alama, akafika 2.5 au zaidi kidogo, bila kuwa mgonjwa. Ng'ombe wako wa pili yuko wiki ya 7. Picha yake imepigwa wakati ambao ng'ombe mzuri wa maziwa huwa amekonda kuliko wakati mwingine wowote. Kama angekuwa mnene wiki hii, hapo ndipo ningeuliza maziwa yanakwenda wapi.

Huyo wa kwanza piga naye hesabu pole pole. Alizaa miezi 10 iliyopita na ana mimba ya miezi 2, kwa hiyo alishika mimba mwezi wa 8 baada ya kuzaa. Wafugaji wengi hutaka ng'ombe ashike ndani ya miezi 3 au 4 hivi. Mimba ni siku 280 kwa wastani, yaani bado ana miezi 7 hadi azae, na miezi 2 ya mwisho atapaswa kukaushwa, yaani kuachishwa kukamuliwa. Utakachonunua ni miezi 5 ya maziwa yanayopungua. Na unene wake unatokana na hapo hapo: amekaa muda mrefu akila vizuri huku maziwa yakishuka, na chakula kilichozidi kikageuka mafuta. Huenda alichelewa kushika kwa kosa la shamba, kwa mfano joto lake halikuonwa mapema, na huenda tatizo ni lake mwenyewe. Picha haiwezi kukuambia ni lipi.

Mume wako ameona afya, na ninamwelewa, lakini ng'ombe anayezaa akiwa kwenye 4 ana hatari kubwa kuliko mwembamba kiasi. Baada ya kuzaa hamu yake ya kula huwa ndogo, mwili unamwaga mafuta mengi kwa mara moja, ini linalemewa, na anaingia kwenye kitosisi: anasusa pumba, maziwa yanaporomoka, pumzi inanuka utamu usio wa kawaida. Kuzaa kwenyewe huweza kuwa kugumu. Mkimchukua, kazi ya kumpunguza ifanyike sasa akiwa bado anakamuliwa, kwa kupunguza chakula cha nguvu taratibu. Akishakaushwa msijaribu kumkondesha, maana hapo ndipo mnaweza kuuchokoza ugonjwa huo huo mnaoukimbia.

Kukonda nako kuna kwa namna mbili, na kuna mahali pa kuzitofautishia. Upande wa kushoto wa ng'ombe, nyuma ya ubavu wa mwisho, chini ya mifupa ya kiuno na mbele ya nyonga, kuna sehemu yenye umbo la pembetatu. Tumbo kubwa la chakula liko nyuma ya ngozi hiyo. Aliyekula vizuri sehemu hiyo huwa imejaa au imebonyea kidogo tu. Ambaye hakula siku hiyo huwa na shimo ambalo kivuli chake unakiona hata kwenye picha mbaya. Mkondefu mwenye pembetatu iliyojaa anageuza mwili wake kuwa maziwa. Mkondefu mwenye shimo hali chakula, na asiyekula wiki ya 7 ana jambo. Bahati mbaya picha ya ubavu ya ng'ombe wako wa pili imepigwa kutoka kulia. Omba ya kushoto, ipigwe saa mbili tatu baada ya kulishwa. Ndiyo picha ninayoitaka kuliko zote, na jibu langu la kuanza naye linasimama au kuanguka hapo.

Twende kwenye kiwele kinachokuvuta. Ukubwa ni jambo la mwisho kuangalia. Kinachotakiwa kwanza ni jinsi kilivyoshikwa. Katikati ya kiwele, kutoka nyuma hadi mbele, kuna kano inayokibeba. Ikiwa imara, ukitazama kutoka nyuma unaona mfereji wazi unaokigawa kushoto na kulia, sakafu ya kiwele iko juu ya goti la nyuma, yaani kile kiungo kinachochongoka kuelekea nyuma, na chuchu zimeelekea chini. Kano ikilegea, mfereji unafutika, sakafu inashuka na katikati inatuna, na chuchu zinasukumwa kuelekea nje.

Kwenye picha ya wa tatu chora mstari wa kulala unaopita kwenye ncha za magoti ya nyuma. Sakafu ya kiwele iko chini ya mstari huo, na chuchu za nyuma zinatazama pembeni. Ameshazaa mara nne, na kiwele hushuka kadiri uzao unavyoongezeka, kwa hiyo si haki kumpima kwa kiwele cha aliyezaa mara moja. Hata hivyo cha huyu kimepita kiasi. Kiwele kilicho chini hivyo hukanyagwa anapoinuka, hupigwa na mguu anapotembea, na hushika tope na samadi, na uchafu unaobaki karibu na tundu la chuchu ni njia ya kuingilia ugonjwa wa kiwele. Kano iliyolegea hairudi. Huwezi kuirekebisha kwa chakula wala kwa dawa, tofauti na kukonda kwa yule wa pili ambako miezi michache ya ulishaji mzuri hukuondoa.

Kuna na jambo jingine kwenye picha hiyo, nalo limenifanya niikuze zaidi. Ngozi ya kiwele imevutika hadi inang'aa, miguu ya nyuma imetanuliwa, na chini ya chuchu moja ya mbele kuna doa jeupe kwenye sakafu aliyosimama. Hayo ni maziwa yanayovuja. Ng'ombe huyu anaonekana amepitishwa muda wake wa kukamuliwa. Inawezekana ni shughuli za siku hiyo tu. Inawezekana pia amewekwa ili kiwele kijae kwa ajili ya picha, na hilo si jambo dogo kwa mnyama, maana linamuumiza. Na kiwele kilichojazwa kupita kiasi hutandaza chuchu hata cha ng'ombe mwenye kano nzuri, kwa hiyo hata hukumu yangu kuhusu chuchu zake naiweka kando hadi nione picha nyingine.

Picha hiyo nyingine ni ya baada ya kukamua, si zaidi ya robo saa. Omba kwa wote watatu. Kiwele chenye tishu ya maziwa hunywea kikimwagwa, kikafanya mikunjo ya ngozi laini upande wa nyuma, kama mfuko uliotolewa vitu. Kilichobaki kikubwa na kigumu baada ya kukamuliwa kina nyama nyingi au makovu, na ukubwa wake hauna faida kwako. Hapo hapo linganisha robo zake nne, yaani sehemu nne za kiwele, kila moja na chuchu yake. Robo moja ikiwa ndogo waziwazi kuliko mwenzake wa upande wa pili, mara nyingi imewahi kuugua na huenda haitoi tena. Kwenye picha ya kabla ya kukamua tofauti hiyo hujificha.

Kwa haraka, kiwele cha wa pili hakina sura ya kuvutia lakini nimekipenda. Mfereji unaonekana, sakafu iko juu ya goti kwa nafasi nzuri, na kwa mbele kiwele kinaingia tumboni taratibu bila kuacha pengo.

Kuhusu kusimama, picha moja ni shahidi dhaifu, kwa sababu ng'ombe hubadilisha miguu kila mara. Lakini mgongo usipite bila kuangaliwa. Ng'ombe mwenye miguu mizima husimama mgongo ukiwa umenyooka. Akisimama mgongo umepinda kwenda juu, anapunguza uzito kwenye kwato zinazouma. Nyuma, angalia kama magoti yameelekeana na kwato zimefunguka nje. Kwa baadhi ni maumbile, lakini mara nyingi ukucha wa nje wa mguu wa nyuma unauma na ng'ombe anauhamishia uzito ule wa ndani. Wa kwanza anaonyesha dalili hiyo kidogo. Unene nao unamwongezea mzigo.

Hapo hapo kwa wa kwanza kuna kitu cha ardhi. Amesimamishwa miguu ya mbele juu ya tuta dogo. Ukimpandisha hivyo mgongo na makalio hubadilika mwelekeo, na huwezi kujua kwa hakika anavyosimama. Sisemi mwenye shamba alikusudia. Wengi hupiga picha pale ng'ombe alipokubali kutulia. Na wa pili amesimama kwenye majani marefu, kwato zake sijaziona kabisa. Nisichokiona sikipi alama nzuri wala mbaya.

Utaona pia kwamba wa tatu ana sehemu zisizo na manyoya kwenye magoti ya nyuma, na moja imevimba kidogo. Hilo linasema zaidi kuhusu shamba kuliko kuhusu ng'ombe. Analala kwenye sakafu ngumu isiyo na matandiko ya kutosha. Ukimpa mahali laini pa kulala, vipara hivyo huweza kupona, ilimradi uvimbe haujaingia kwenye kiungo. Ndiyo maana unapolinganisha mashamba tofauti, jiulize kila kasoro ni ya nani. Manyoya yaliyokatika na kwato ndefu zisizokatwa ni mambo ya matunzo, na unaweza kuyabadilisha akifika kwako. Kano ya kiwele na umbo la mifupa ya miguu anakuja navyo.

Picha zenyewe hazilingani, na hilo lisahihishwe kabla hamjabishana tena nyumbani. Ya wa tatu imepigwa mpigaji akiwa amechuchumaa karibu sana nyuma yake. Simu ikiwa karibu, kilicho mbele yake huvimba na kilicho mbali husinyaa, kwa hiyo kiwele kimeongezewa ukubwa. Ya wa kwanza imepigwa kutoka juu, na kutoka juu hata mkondefu huonekana mpana. Watumie wote watatu ujumbe mmoja, maneno yale yale:

"Naomba picha sita za ng'ombe huyu, zote za siku moja. Asimame kwenye ardhi tambarare, ngumu na iliyofagiliwa ili kwato zionekane. Ubavu wa kushoto na wa kulia, mpigaji akae hatua tano hivi mbali, simu iwe usawa wa katikati ya mwili wake. Moja kutoka nyuma, simu usawa wa nyonga, mkia umesogezwa pembeni. Moja ya kiwele kutoka nyuma kabla ya kukamua, na moja kutoka sehemu ile ile mara tu baada ya kukamua. Ya mwisho ya uso na hereni ya sikioni, namba isomeke. Niandikie pia saa aliyokamuliwa kabla ya picha hizi. Na video fupi akitembea kwa ubavu hatua kumi hivi, bila kuvutwa."

Hereni na mabaka havikwepeki. Mabaka ya Frisiani hayabadiliki maisha yake yote, kwa hiyo linganisha baka moja lenye umbo la kipekee kati ya picha za zamani na mpya. Kama mabaka ya kushoto yamehamia kulia, tazama namba ya hereni. Ikisomeka kinyumenyume, simu imegeuza picha. Ikisomeka sawasawa, hao ni ng'ombe wawili. Kwenye video angalia mgongo tena: aliyesimama mgongo umenyooka kisha ukapinda anapotembea, kwato zimeanza kumsumbua. Mwenye shamba asiyetaka kupiga ya baada ya kukamua, wakati nyingine zote ametuma, mpigie simu umuulize sababu. Jibu lake lenyewe ni taarifa.

Picha zikija nzuri kwa wa pili, yaani pembetatu ya kushoto imejaa, kiwele kimenywea, na anatembea sawa, nendeni. Fikeni kabla ya muda wa kukamua, muombe mwenyewe asianze hadi mfike, na mkae hadi mwisho mkiona maziwa yanapimwa. Muombe daktari wa mifugo awepo, afanye kipimo cha maziwa kwa kila robo na achukue damu ya kupima ugonjwa wa kutupa mimba, kwa sababu hayo mawili hayana alama yoyote kwenye picha. Ukiwa hapo weka kiganja juu ya mifupa ya kiuno na kando ya mkia. Manyoya marefu huficha ukondefu kwenye kamera lakini hayaudanganyi mkono. Ukikuta mifupa ya makalio ni mikavu kabisa, bila hata ule mto niliouona, basi yuko chini ya 2.5, na muulize daktari kuhusu minyoo na kitosisi kabla ya kuzungumzia bei.

Akishindwa huyo, nikirudi kwenye wawili waliobaki ningemtazama tena wa kwanza, si wa tatu, kwa sharti kwamba daktari athibitishe mimba. Bila mimba, ng'ombe wa alama 4 aliyezaa miezi 10 iliyopita simshauri mtu anayeanza.